Meseji ya kuthibitisha ada: mzazi aone papo hapo kiasi, tarehe na namba ya risiti

*“Mimi ni mhasibu wa sekondari ya binafsi mkoani Morogoro. Mzazi akilipa ada benki tunamtumia meseji ya uthibitisho, lakini bado anapiga simu: ‘Mhasibu, hela yangu imefika? Mmeona shilingi ngapi? Risiti namba ngapi?’ Yote hayo yamo kwenye meseji! Nilijaribu kuifupisha, mkuu wa shule akasema imekuwa kavu, haina heshima. Meseji yenyewe ni hii:*

*Habari mzazi/mlezi mpendwa, uongozi wa shule unapenda kukutaarifu kuwa malipo yako ya ada uliyoyafanya kupitia benki tarehe 10 Machi 2025 yamepokelewa na kuhakikiwa tarehe 12 Machi 2025 na kuingizwa katika mfumo wetu. Kiasi ulicholipa ni shilingi 350000.00 kati ya shilingi 1200000.00, hivyo kiasi kilichobaki ni shilingi 850000.00 ambacho unaombwa ukikamilishe kabla ya tarehe 30 Aprili 2025. Namba ya muamala ni 45710923, namba ya risiti ni 00412 na namba ya mwanafunzi ni 0187. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako. Elimu ni ufunguo wa maisha.*

*Nifanyeje?”*

Ndugu mhasibu, wazazi wako usiwalaumu kwanza. Nimekaa nikaihesabu meseji hii: ina herufi 544 pamoja na nafasi, na kiasi alicholipa mzazi kinaanza kwenye herufi ya 248. Simu janja ikiwa imefungwa huonyesha mstari mmoja au miwili ya mwanzo tu, kwa hiyo anachokiona mzazi ni “Habari mzazi/mlezi mpendwa, uongozi wa shule unapenda…” basi. Hapo hajui kama ada imefika, kama kuna kikao cha wazazi, au kama mtoto amerudishwa nyumbani. Mwenye kitochi hali yake ni ngumu zaidi, maana lazima ashuke kwa kubonyeza mara nyingi kabla hajakutana na tarakimu ya kwanza ya hela. Akiwa gengeni na wateja wamemsimamia, kukupigia wewe ni rahisi kuliko kusoma.

Hata hivyo urefu peke yake si ndio ugonjwa, na nadhani ndiyo sababu jaribio lako la kwanza halikufua dafu. Hebu ziangalie namba zilizomo humo. Kuna viasi vitatu: alicholipa, ada yote na kilichobaki. Kuna tarehe tatu: ya kulipa, ya kuhakiki na ya mwisho wa kukamilisha. Kuna na namba tatu za utambulisho: ya muamala, ya risiti na ya mwanafunzi. Jumla ni namba tisa, zote zimetawanywa ndani ya sentensi zenye uzito uleule. Ukikata maneno ya heshima ukaziacha hizo tisa, unapata meseji kavu ambayo bado haieleweki, na mkuu wako wa shule anakuwa na haki ya kulalamika. Kazi inaanza kwa kuamua kiasi kipi, tarehe ipi na namba ipi ndiyo yenyewe.

Kiasi ndicho chepesi. Mzazi anataka kujua kama kile alichokabidhi dirishani ndicho mlichokiona. Shilingi 350,000 ndiyo habari, na milioni moja na laki mbili ya ada nzima anaijua tangu siku aliyopewa fomu ya kujiunga, kwa hiyo iondoe. Kilichobaki nitakirudia, maana kina hoja yake.

Namna ya kuiandika hiyo 350,000 nayo ina makosa yake. Umeiandika “350000.00”, bila mkato na pamoja na senti ambazo siku hizi hakuna anayelipa. Kwenye kioo kidogo nukta huwa haionekani vizuri, na mtu anayehesabu sufuri kwa haraka anaweza kusoma milioni thelathini na tano. Weka mkato kila baada ya tarakimu tatu, ondoa senti, na alama ya sarafu uishikize na tarakimu bila nafasi: Sh350,000. Simu hukata mstari penye nafasi, kwa hiyo ukiandika “Sh 350,000” utakuta kwenye baadhi ya simu “Sh” imebaki juu na hela zimeshukia mstari wa chini.

Kwenye tarehe ndipo wahasibu wengi wanapojiandikia wenyewe badala ya kumwandikia mzazi. Tarehe 12 ni ya kwenu: siku hiyo ulipata taarifa ya benki, ukalinganisha, ukaingiza kwenye daftari. Mzazi ana slipu mkononi iliyogongwa muhuri wa tarehe 10. Ukimpelekea tarehe mbili atajiuliza kama malipo yake yamehesabiwa ya siku gani, na kama mlikuwa mmetangaza faini kwa watakaochelewa, swali hilo litamnyima usingizi. Mpe ile iliyo kwenye karatasi yake. Ya kuhakiki ibaki kwenye kumbukumbu zako, atakayeihitaji ni mkaguzi.

Kuna hali moja inayosumbua hapa. Mzazi akilipa kwa wakala Jumamosi jioni, taarifa ya benki inaweza kuonyesha Jumatatu. Hapo wewe hujui tarehe ya slipu, unajua ya benki tu. Usikisie. Andika “Benki 10/03/2025” badala ya “Ililipwa 10/03/2025”, naye ataelewa kuwa hiyo ni siku ambayo fedha zilionekana kwenye akaunti. Saa usiiandike kabisa. Sisi “saa 2:15” mmoja anaisoma asubuhi baada ya chai, mwingine anaisoma mchana kama ilivyo kwenye kompyuta, na kwa ada ya shule saa haimsaidii mtu yeyote. Mwaka uache wote wenye tarakimu nne, kwa sababu wazazi wengine huzihifadhi hizi meseji mpaka mtoto anapomaliza kidato cha nne.

Sasa namba ya utambulisho. Jiulize swali moja la kiofisi: mzazi akipiga simu, wewe unaandika nini kwenye kompyuta ili malipo yake yatokee? Ukiniambia ni namba ya risiti, basi hiyo ndiyo inayoingia kwenye meseji, na nyingine mbili zinatoka. Namba ya muamala ni ya benki, nawe tayari umeiambatanisha na risiti kwenye mfumo wako. Namba ya mwanafunzi ni ya kulipia, haimwambii mtu kuwa malipo haya ni yapi, kwa kuwa itakuwa ileile muhula huu na ujao. Ukiziweka zote tatu, mzazi ataulizwa risiti namba ngapi naye atakusomea 0187, kisha mtabishana dakika tano. Kama mfumo wenu unatuma meseji kabla risiti haijakatwa, basi tumia namba ya muamala mpaka hapo mtakapobadilisha utaratibu. Chagua moja, na uitaje kwa jina lake kamili. “Namba: 00412” haitoshi, andika “Risiti Na. 00412”.

Kilichobaki sasa. Wapo wanaoshauri kisiwemo kabisa kwenye uthibitisho, na hoja yao ni ya kweli: ukiweka viasi viwili, jicho hukimbilia kile kikubwa, na mzazi aliyelipa 350,000 anaona 850,000 akadhani mmekosea. Kwa upande mwingine, swali la pili la mzazi akishajua hela imefika ni “nadaiwa ngapi?” Ukilinyamazia, simu ataipiga vilevile. Mimi ningekiweka, lakini kikae mbali na kiasi cha kwanza, kwenye mstari wake, na kitanguliwe na neno “Imebaki”. Tarehe ya mwisho ya kukamilisha ndiyo ningeitoa. Kumwambia mtu asante na kumdai kwa pumzi moja kunaharibu vyote viwili, na tarehe 30 Aprili iliyoandikwa katikati ya Machi itakuwa imesahaulika ikifika. Tuma ukumbusho peke yake wiki moja kabla.

Ukishaamua hayo, meseji inajiandika yenyewe:

```
Ada imefika: Sh350,000
Mwanafunzi: Asha, Kidato 2
Ililipwa 10/03/2025
Risiti Na. 00412
Imebaki Sh850,000
Simu: (namba ya ofisi)
```

Ukishaweka namba ya simu ya tarakimu kumi, hapo pana herufi kama 120, na kiasi kinaanza kwenye herufi ya 14. Simu ikiwa imefungwa mfukoni, mzazi akiitoa anaona “Ada imefika: Sh350,000” bila kufungua kitu. Nimeanza na “Ada imefika” kwa sababu ndilo swali analokupigia kuuliza. Wengine huanza na “Tumepokea”, nalo si baya, ila kwa mtu anayesoma upesi lipo jirani mno na “Umepokea” la meseji za pesa za simu, na wapo watakaofungua wakitafuta hela iliyoingia kwao.

Jina la mtoto limo kwa ajili ya mzazi mwenye watoto wawili au watatu hapo shuleni. Jina la kwanza na kidato vinatosha. Jina kamili pamoja na deni la familia, vikiwa wazi kwenye kioo cha simu iliyowekwa mezani, ni habari nyingi kuliko inavyohitajika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watoto si za kuzimwaga ovyo. Jina la shule sikuliweka kwa kudhani mmesajili jina la mtumaji linalotokea juu ya meseji. Hilo lina nafasi ya herufi 11 tu, kwa hiyo shule yenye jina refu hulazimika kulifupisha. Kama meseji zenu zinatoka kwa jina la kampuni inayowatumia, au kwa namba ya kawaida, basi jina la shule lazima liingie ndani, na mahali pake ni mwisho, karibu na simu. Namba ya simu nayo ni ya lazima, maana meseji iliyotoka kwa jina haijibiki.

Twende kwa mkuu wa shule. Nisingemwambia kuwa heshima haina nafasi, kwa sababu kwetu inayo, na meseji isiyo na hata “asante” inasomeka kama karipio. Ninachoweza kumwambia ni kwamba heshima ikitangulia inaficha habari, ikifuata haifichi. Baada ya mstari wa simu bado mna nafasi ya herufi kama arobaini. “Asante kwa kulipa.” inaingia bila shida. Salamu kamili, shukrani kwa ushirikiano na kaulimbiu ya elimu ziwekeni kwenye barua ya kufungua muhula, ambako mzazi anakaa na kusoma. Na msijaribu kulipa fidia kwa herufi kubwa. Nimeona taasisi zinazoandika kila kitu kwa herufi kubwa ili kionekane, matokeo yake hakuna kinachoonekana zaidi ya kingine, na mzazi anahisi anapigiwa kelele.

Mwingine atakushauri muige meseji za M-Pesa, kwa kuwa kila mtu amezizoea tangu huduma hiyo ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Zile huanza na namba ya muamala, halafu neno la kuthibitisha, ndipo kiasi. Kwa mtandao wa simu mpangilio huo una maana, kwa sababu muamala ndio bidhaa yao. Kwenu namba ikitangulia itachukua nafasi ya kile mzazi anachokitafuta. Isitoshe, matapeli wamejifunza umbo hilohilo, na mzazi aliyewahi kutumiwa “ile pesa tuma kwenye namba hii” ana haki ya kushtuka akiona kitu kinachofanana. Kwa sababu hiyohiyo, meseji ya uthibitisho isiwe na kiungo cha kubonyeza wala namba ya kulipia.

Sasa mambo ya kitaalamu kidogo, kwa sababu yanagusa bajeti yako. Meseji moja hubeba herufi 160. Ukizidi, inagawanywa katika vipande, na kila kipande kinabaki na herufi 153, kwani nyingine zinatumika kuviunganisha upya kwenye simu ya mpokeaji. Meseji yenu ya zamani ilikuwa vipande vinne, na watoa huduma wa meseji za jumla hutoza kwa kipande. Hii mpya ni kipande kimoja. Kushuka mstari kunahesabiwa kama herufi moja tu, kwa hiyo usiogope kupanga mistari.

Kuna mtego mmoja unaotupata sisi waandishi wa Kiswahili hasa: ile alama ya ng’. Ukiandika kwenye programu ya kuandikia barua kisha ukanakili, kompyuta huigeuza alama iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’). Iliyopinda haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za meseji. Ikiwepo moja tu, meseji nzima inabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande zikiwa nyingi. Meseji yako ya zamani ingeingia na jina la mtoto kama Ng’wandu lenye alama iliyopinda, ingekuwa vipande tisa badala ya vinne. Emoji na kistari kirefu hufanya hivyohivyo. Ukiona bili imepanda bila sababu, anzia hapo.

Kama mnaandaa orodha kwenye Ekseli kabla ya kuipakia, kuna makosa mengine matatu yanayotokea kimyakimya. Sufuri za mbele za risiti zinapotea, 00412 inakuwa 412. Tarehe ikiunganishwa na maneno inageuka namba, 10/03/2025 inakuwa 45726. Na mkato kwenye hela unapotea hata kama kwenye seli ulikuwa unauona. Dawa ni kuilazimisha Ekseli iandike umbo unalolitaka. Tuseme tarehe iko safu ya B, kiasi C na risiti D:

```
="Ada imefika: Sh"&TEXT(C2,"#,##0")&CHAR(10)
&"Ililipwa "&TEXT(B2,"dd/mm/yyyy")&CHAR(10)
&"Risiti Na. "&TEXT(D2,"00000")
```

Hiyo CHAR(10) ndiyo inayoshusha mstari, na mistari ya jina, salio na simu utaiongeza kwa mtindo huohuo. Baadhi ya mifumo ya kutuma hufuta mistari na kuunganisha kila kitu, kwa hiyo jitumie wewe kwanza, kwenye simu janja na kwenye kitochi cha mlinzi au mpishi wa shule. Mistari ikifutwa, weka nukta mwisho wa kila taarifa na meseji itabaki inasomeka. Halafu mpe mpishi huyohuyo aiangalie kidogo, uichukue simu, umuulize ni shilingi ngapi, lini, risiti namba ngapi. Akikosa kimojawapo, usimweleze, rudi kwenye meseji.

Jambo moja nalitaka ulishike kabla hujaanza kutuma. Neno “imefika” lina uzito, lisitoke kabla hujaiona hela kwenye taarifa ya benki yenyewe. Slipu iliyopigwa picha na kutumwa kwenye simu si ushahidi, kwani zinaghushiwa. Ukilazimika kumjibu mzazi kabla benki haijathibitisha, mwandikie wazi: “Slipu ya Sh350,000 tumeiona, tunasubiri benki.” Meseji hii pia si stakabadhi, mzazi bado anastahili risiti yake.

Na yapo ambayo meseji haitayamaliza hata iandikwe vipi. Kiasi cha kwenye slipu kikitofautiana na cha kwenye taarifa ya benki, mwite mzazi aje na slipu halisi, mwende naye tawini. Malipo yakiingia kwa mwanafunzi mwingine, usiyahamishe kwa maelezo ya simu, wazazi wote wawili waje wasaini. Na mzazi akikuonyesha meseji yenye jina la shule ambayo ofisi yenu haikuituma, mwambie asiifute: aipeleke kwenye namba 15040 ya TCRA pamoja na namba iliyotumika, nanyi mwite aliyewafungia mfumo akague siku hiyohiyo ni nani ana nywila ya kutuma. Kama kuna mzazi aliyeshatoa hela, hilo ni la polisi, na nakala za meseji zako zenye namba za risiti ndizo watakazoziomba kwanza.